Ukirudisha kazi ya majaribio, sema ulichokisia

Siku hizi ukiomba kazi ya data, kabla ya intavyuu unatumiwa faili na maswali ufanyie nyumbani. Wasee wengi hupiga hesabu fiti, wanatuma faili na kuandika tu, "Nimemaliza, asante." Hapo ndipo wanajiharibia.

Tuseme umepewa faili ya Excel ya duka la viatu: mistari 600 ya mauzo ya M-Pesa, Januari hadi Machi. Swali ni moja: duka liliuza pesa ngapi kila mwezi? Ukichunguza, unapata mistari 30 inayofanana na mingine kwa kila kitu: nambari ya muamala, kiatu, bei. Je, karani aliingiza malipo yale yale mara mbili, ama mteja alinunua pea mbili akalipa mara moja? Faili haikuambii. Ukiifuta, jumla ni Sh798,000. Ukiiacha, ni Sh840,000.

Tarehe nazo ni noma. 03/02 ni Februari 3 ama Machi 2? Kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani itaisoma Machi 2 bila kukuuliza, lakini 25/02 itashindwa kuisoma na kuiacha kama maandishi, imeegemea kushoto. Ukiona tarehe zingine ziko kulia na zingine kushoto, jua mwezi na siku zimebadilishana.

Kama jibu lingegeuza kazi yote, uliza kabla ya kuanza. Kama linasogeza nambari moja tu, amua, kisha uweke wazi. Barua yako iwe fupi hivi:

"Nimechukulia mistari 30 inayofanana kuwa imerudiwa, nikaitoa. Kama ni mauzo halali, jumla ni Sh840,000 badala ya Sh798,000. Tarehe nimezisoma siku kwanza, kisha mwezi. Data inaishia Machi 20, kwa hivyo Machi isilinganishwe na Februari nzima. Gharama hazimo, hivyo faida sijaihesabu."

Basi. Angalia kwamba haiombi msamaha wala kulia muda haukutosha. Kisio la mistari 30 linamwonyesha bosi kile kitakachobadilika likiwa si sahihi. Sentensi ya Machi inamzuia kusema kwenye mkutano kwamba mauzo yalishuka Machi, kumbe ni siku 11 ambazo hazikuwa kwenye faili.

Kuna wanaohofia kwamba kutaja mipaka ni kujichongea. Lakini anayesahihisha huenda anaijua ile mistari 30, pengine aliiweka makusudi. Akipata Sh798,000 bila maelezo, hawezi kujua kama uliiona ama ulibahatisha. Na kama yeye angeiacha, atakuhesabia umekosa, ilhali ukiwa umeandika anaona mlitofautiana kwa uamuzi tu, na jumla yake iko palepale kwenye barua yako.

Usifikishe kurasa mbili, lakini. Makisio 15 hakuna atakayesoma. Weka yale yanayogusa jibu, mengine yabaki ndani ya faili.