Andika "nilimkuta", si "alianguka"

Naandika kuhusu maelezo ya tukio, kwa sababu mimi ni muuguzi msimamizi wa wodi na huyapokea mara kwa mara. Mgonjwa anapokutwa sakafuni usiku, wengi huandika: "Mgonjwa alianguka, akahudumiwa, daktari akaarifiwa." Nani alimhudumia? Nani aliarifu, saa ngapi? Na huko kuanguka, kuna aliyekuona?

Maelezo yanayosaidia huwa hivi: "Saa 8:20 usiku nilisikia kishindo nikiwa meza ya wauguzi. Nilimkuta mgonjwa amelala sakafuni upande wa kulia wa kitanda, reli ya upande huo ikiwa imeshushwa. Nilikuwa nimemwona mara ya mwisho saa 7:40 nilipompima presha, sikuiangalia reli. Aliniambia alikuwa anakwenda chooni. Nilimpigia daktari wa zamu saa 8:25."

Hayo maneno "sikuiangalia reli" ndiyo watu huyaogopa, nao huyafuta au huandika "reli haikuwa sawa". Tafadhali yaacheni. Ni jambo ulilofanya au hukulifanya, basi. Usiongeze "kwa uzembe wangu" wala "kwa sababu tulikuwa wachache". Idadi ya waliokuwa zamu iandike kama ilivyo. Sababu zitafutwe na wachunguzi.

Ukikumbuka kitu asubuhi, usichomeke katikati ya mistari ya usiku. Kiandike chini, weka saa unayoandika, utie sahihi. Faili iliyochomekwa maneno hutiliwa shaka yote, hata yale ya kweli.