Wadhamini waliokufa, mali isiyo na mwenyewe

Kanisa la Ufufuo na Uzima lilifutiwa usajili tarehe 2 Juni 2025, na Novemba mwaka huo huo Waziri Mkuu, Mwigulu Nchemba, akatangaza lifunguliwe. Kiongozi huyo huyo, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwaka 2018, aliikana barua ya ofisi ya msajili iliyowataka maaskofu wa KKKT waufute waraka wao wa Pasaka, na msajili akasimamishwa kazi. Mara zote mbili daftari la jumuiya za kidini lilifunuliwa kwa sababu ya maneno ya madhabahuni. Ukurasa wa mali na wadhamini haukumshughulisha mtu.

Ukurasa huo ndio wenye matatizo, na Karatu na Ngorongoro ni mahali pazuri pa kuyaona.

Sheria inataka usajili wa hatua mbili. Kwanza, kikundi cha waumini kinaomba kwa Msajili wa Jumuiya, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kikiwa na katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya waanzilishi na barua ya mkuu wa wilaya. Cheti kinachopatikana hapo kinaruhusu jumuiya kuendesha shughuli zake, lakini hakiipi uwezo wa kumiliki ardhi. Hilo linahitaji hatua ya pili, RITA, kwa Kabidhi Wasii Mkuu, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Hapo wadhamini wanatajwa kwa majina, mali inatamkwa, lakiri inaidhinishwa, na baraza la wadhamini linakuwa mtu mbele ya sheria: linanunua, linashtaki na kushtakiwa, na halifi wajumbe wake wanapokufa.

Wengi huishia hatua ya kwanza. Cheti cha Msajili kinatiwa fremu na kutundikwa ofisini kwa mchungaji au imamu, na kila mtu anaamini kazi imekwisha.

Matokeo yake yanafahamika katika kata yoyote ya Karatu. Tuchukue mfano wa kanisa dogo la Mang'ola. Waumini wanachanga baada ya mavuno ya vitunguu na kununua nusu ekari kwa mkulima. Hati ya mauziano inaandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na kwa kuwa hakuna baraza la wadhamini, mahali pa mnunuzi panaandikwa jina la mchungaji. Hakuna aliyeiba. Miaka inapita, ukuta unapanda, bati zinaezekwa. Mchungaji anafariki. Msimamizi wa mirathi anaorodhesha mali za marehemu mahakama ya mwanzo, na nusu ekari ile imo, kwa sababu karatasi inasema ni yake. Waumini wanafika na daftari la michango lenye majina ya waliotoa mifuko ya saruji. Watoto wa marehemu wanafika na hati. Mwenye hati ameanza mbele, na waumini ndio watakaobeba mzigo wa kuthibitisha kwamba marehemu aliwashikia tu.

Waliofika hatua ya pili hawako salama zaidi ikiwa walisajili mara moja wakasahau. Orodha ya wadhamini inapaswa kuhuishwa: anayefariki, anayehama dhehebu na anayemaliza muda wake huondolewa, na anayeingia huarifiwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu pamoja na muhtasari wa kikao kilichomteua. Kwa vitendo, katiba inasema wadhamini watakaa miaka kadhaa, hakuna uchaguzi unaofanyika, na baraza la watu watano linabaki na wawili walio hai. Lakiri iko nyumbani kwa mmoja wao. Siku msikiti unapotaka kumpangisha mfanyabiashara fremu za mbele ya barabara, mkataba unapigwa lakiri na watu ambao, kwa katiba yao wenyewe, walishamaliza muda. Mgogoro ukizuka, mkataba huo hautamlinda mpangaji wala msikiti.

Tamko la mali nalo hujazwa kivivu. "Jengo la ibada, viti na vyombo vya muziki" si tamko. Tamko linaloweza kutetewa linataja kiwanja kilipo, ukubwa wake, kilipatikanaje, kwa nani, na hati gani inathibitisha. Misikiti ina tatizo la ziada: kiwanja mara nyingi kilitolewa wakfu kwa mdomo na mzee ambaye hayupo tena. Wakfu wa mdomo unatosha kwa Mwenyezi Mungu. Kwa ofisi ya ardhi hautoshi.

Matawi ya madhehebu makubwa yana ulinzi, ila ulinzi huo una bei. Parokia za Karatu ziko Jimbo Katoliki la Mbulu, na mali ya parokia hushikwa na wadhamini wa jimbo. Tawi halihitaji usajili wake. Lakini muumini aliyechangia ana haki ya kujua kwamba mali si ya kijiji chake, na wanaoshika hati wana wajibu wa kumwambia kabla hajatoa fedha.

Ngorongoro ni kesi nyingine kabisa, na hapo lawama kubwa ni ya Serikali. Ndani ya eneo la hifadhi ardhi iko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, na ujenzi unahitaji kibali chake. Wadhamini wa kanisa la Endulen au Nainokanoka hawana hatimiliki ya kutamka; walicho nacho ni jengo tu. Tangu mwaka 2022 wakazi wamekuwa wakihamishiwa Msomera, Handeni, na kaya inayoondoka huthaminiwa kwa jina la mkuu wa kaya. Nyumba ya ibada haina mkuu wa kaya. Isipokuwa na baraza hai la wadhamini, fidia yake italipwa kwa atakayejitokeza kusaini, au haitalipwa.

Kisha Agosti 2024 likaja Tangazo la Serikali Namba 673, lililofuta vijiji vya Tarafa ya Ngorongoro kwenye orodha, kabla Mahakama Kuu Arusha haijalisitisha mwezi huo huo. Waumini wanaotaka kusajili hutegemea mtendaji na mwenyekiti wawatambue ili barua ipande wilayani. Ofisi iliyofuta kijiji kwa kalamu moja ilifuta pia mlango wa kwanza wa usajili huo, na haionekani kama yeyote aliyeliandika tangazo hilo alilifikiria jambo hili.

Yanayotakiwa hayahitaji sheria mpya. Msajili wa Jumuiya na RITA waunganishe madaftari yao, ili kanisa lenye cheti lakini lisilo na wadhamini lijulikane na kuandikiwa. Mkuu wa wilaya ya Karatu, ambaye barua yake ndiyo huanzisha maombi, asiitoe kabla ya kuuliza kiwanja kimeandikwa jina la nani. RITA ishuke hadi Karatu mjini na Endulen kupokea marejesho, badala ya kumsubiri mzee wa kanisa apande basi. Mamlaka ya Hifadhi itoe kwa kila nyumba ya ibada kibali cha maandishi kwa jina la wadhamini, na mthamini asipokee saini ya mtu asiyekuwa kwenye orodha ya RITA.

Viongozi wa dini wasisubiri hayo. Ambaye kiwanja cha waumini kimo kwa jina lake anaweza kukihamishia kwa wadhamini angali hai. Anayekataa kufanya hivyo aeleze sababu mbele ya waumini wake.