Chanjo ya mpoksi: mama mjamzito aulizwe kwanza

Chanjo mbili za mpoksi zimeruhusiwa nchini Kongo, lakini hazifanani. LC16, ya kutoka Japani, ina virusi hai vilivyodhoofishwa ambavyo huzaliana mwilini. Kwa mtu mwenye kinga dhaifu, kama mgonjwa wa ukimwi asiyekunywa dawa, vinaweza kuenea na kumletea madhara. Mama mjamzito pia hapewi.

MVA-BN, iliyoanza kutolewa Goma Oktoba 2024, ina virusi visivyoweza kuzaliana ndani ya mtu. Kwa usalama inakaribia chanjo zisizo na kidudu hai, kama ya pepopunda ambayo wajawazito huipata. Penye mlipuko, hao wote wawili wanaweza kuchanjwa nayo.

Basi kila mchanjaji ataje jina la chanjo, aulize juu ya mimba na ugonjwa, ndipo ashike sindano.