Fungua ripoti kabla hujalipia tangazo

Wauzaji wenzangu, tunalipia matangazo mapema mno. Mimi nauza kahawa ya Kibosho, niko hapa Moshi. Kurasa 14 za duka langu zilikaa miezi miwili, ukitafuta Google huzioni. Nikafungua Search Console, sehemu ya "Pages". Sababu: "Excluded by ‘noindex’ tag". Kumbe tovuti yangu yenyewe ndiyo ilimkataza Google! Kwenye WordPress, Settings > Reading, aliyenitengenezea aliacha tiki ya "Discourage search engines from indexing this site". Nikaitoa, nikabonyeza "Validate Fix". Wiki tatu baadaye kurasa 11 zikaingia. Tatu zikabaki "Crawled - currently not indexed": Google kazisoma, kaziacha. Maelezo yake yalikuwa yaleyale, jina tu tofauti. Hapo kitufe hakisaidii, andika upya kila bidhaa. Ripoti ni bure, tangazo si bure.