Tangawizi ya kukausha: iache ilale chupani kwanza

Wiki hii naanza na ujumbe wa mama mmoja wa Muheza. Anapanda tangawizi nyuma ya nyumba, na msimu huu aliamua kukausha, kusaga na kuwauzia majirani. Anaandika: "Vipande vilikuwa vikavu kabisa, nikasaga, nikafunga pakiti ndogo ndogo. Baada ya wiki tatu jirani akanirudishia yake, imeganda madonge na inanuka uvundo. Nimekosea wapi?"

Swali hili ni zito kuliko hiyo pakiti moja. Jirani anaweka ile tangawizi kwenye chai ya watoto, na chakula kikavu kilichopata ukungu kinaweza kuwa na sumukuvu. Tunakumbuka mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, familia zilivyopoteza watu kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Viungo vilivyokaushwa vibaya navyo hushika ukungu wa aina hiyo, na sumu yake haiishi kwa kuchemsha chai. Kwa hiyo tuifuate tangawizi hatua kwa hatua, tuone unyevu unajificha wapi.

Tuchukue kilo 5 za tangawizi mbichi, iliyokomaa, ambayo majani yake yameanza kuwa ya njano shambani. Ile changa ina maji mengi mno, ukiikausha inabaki kidogo na haina ukali. Ioshe mpaka udongo wote utoke kwenye vifundo, kisha ikwangue ganda kwa ukingo wa kijiko. Usiimenye kwa kisu kama kiazi, kwa sababu mafuta yenye harufu yako karibu sana na ganda, nawe utayatupa pamoja na maganda. Lakini usiliache ganda lote, maana ndilo linalozuia maji kutoka.

Hapo utabaki na kilo 4 na nusu hivi. Kata vipande vyembamba vya unene wa milimita 3 au 4, na la muhimu zaidi, vyote vilingane. Kosa la kwanza kwa kawaida huanzia hapa. Kipande chembamba kinakauka siku ya pili, cha mnene bado kina maji katikati siku ya nne, nawe ukigusa vile vyembamba unaona kazi imekwisha. Vyote vikiingia pakiti moja, kile kinene kinawagawia wenzake unyevu.

Tandaza kwenye ungo au kichanja kilichoinuliwa kutoka chini, vipande visipandane, upepo upite juu na chini. Funika kwa kitambaa chepesi na safi cha kuzuia nzi na vumbi. Naomba hapa tuelewane: chandarua cha kuzuia mbu kisitumike, hata kama ni kipya, kwa sababu vingi vimewekwa dawa ya kuua wadudu. Pia epuka kuanika kando ya barabara ya vumbi au juu ya bati lenye kutu.

Jua likiwa kali, siku 3 mpaka 5 zinatosha. Kila jioni, kabla umande haujaanza kushuka, ingiza ndani. Ukiacha nje usiku mmoja tu, tangawizi inarudisha maji iliyokwisha kuyatoa. Na mvua zikiwa zimekolea, usikate kabisa. Tangawizi nzima inaweza kusubiri wiki nzima jikoni bila shida, lakini iliyokatwa ikikosa jua siku mbili inaanza kuteleza na kunuka.

Sasa tumefika kwenye kipimo. Wengi wanapima mchana kwa kugusa vipande vikiwa bado kwenye jua. Kipimo hicho hakiaminiki, kwa sababu kipande chenye joto ni laini hata kikiwa kimekauka, na uso wake ni mkavu hata kama ndani kuna maji. Chukua vipande vinne au vitano, uchague vile vinene zaidi, uviweke ndani ya nyumba mpaka vipoe. Kisha vunja. Kikikatika kwa sauti, kah!, na ndani pawe pakavu, kiko tayari. Kikipinda kwanza ndipo kikatike, au kikaonyesha nyuzi zilizolowa, vyote virudi juani.

Kama una mizani, itumie pia. Tangawizi mbichi karibu yote ni maji. Kilo 4 na nusu za vipande zikikauka sawasawa zinabaki gramu 900 hivi. Ukipima ukakuta kilo 1 na robo, hiyo ziada kubwa ni maji ambayo bado yamo ndani, hata kama mkono unakuambia pamekauka.

Baada ya hapo inakuja hatua ambayo naamini ndiyo iliyomponyoka dada yetu wa Muheza, na wengi wetu hatukufundishwa. Tangawizi iliyokauka isisagwe siku hiyo hiyo. Ipoe ndani kwa saa moja, kisha iweke kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kama zile za asali au jamu, iliyooshwa kwa maji ya moto na kukauka kabisa. Jaza mpaka theluthi mbili tu, funga kifuniko, iache ilale humo kwa siku 7 mahali pasipo na jua. Kila siku itikise na uangalie ukuta wa chupa.

Kazi ya siku hizo ni mbili. Kwanza, unyevu mdogo uliobaki kwenye vipande vinene unasambaa ukalingana kwenye vyote. Pili, chupa inakupa ushahidi. Ukiona ukungu wa mvuke au matone kwenye kioo, au vipande vinashikana ukitikisa, maana yake haijakauka. Itoe, uianike tena siku moja au mbili, kisha uanze kuhesabu upya. Chupa ikibaki safi na vipande vikilia kama kokoto siku zote 7, sasa una bidhaa.

Ukiona utando mweupe kwenye kipande, usihukumu haraka. Tangawizi ina wanga, na wanga ukikauka juani unaacha unga mweupe mkavu usio na harufu yake. Ukungu una manyoya, mara nyingine una rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, nao unanuka chumba kilichofungwa muda mrefu. Ukiupata hata kwenye kipande kimoja, mwaga chupa nzima. Najua inauma, lakini kuchagua vibovu, kuanika tena au kusaga vikali hakuondoi sumu iliyokwisha kusambaa.

Kwa wenzetu wa Pwani na visiwani kuna la ziada. Hewa ya huko ina unyevu mwingi, na tangawizi iliyokatika kwa sauti saa nane mchana inaweza kuwa laini kufikia asubuhi. Kwa hiyo maliza kazi siku yenyewe: itoe juani mchana, ipoe saa hiyo moja, iingie chupani. Isilale kwenye ungo hata kama ungo uko ndani.

Tuje kwenye kusaga. Mashine ya mtaani ina mambo mawili. Ina mabaki ya unga wa mahindi, ambao utachanganyika na tangawizi yako, na inapasha unga joto. Unga wa moto ukifungwa unatoa mvuke, mvuke unageuka maji ndani ya pakiti, na madonge yanaanzia hapo. Ukiweza, saga kwa kinu au blenda yako, kidogo kidogo, kisha chekecha uondoe nyuzi. Popote utakaposaga, tandaza unga kwenye sinia safi, funika kwa kitambaa kikavu, upoe kabisa kabla ya kufunga. Na usisage yote. Vipande vizima vinatunza harufu karibu mwaka, unga unaanza kupoa baada ya miezi 6 hivi. Saga unachouza wiki hiyo, vingine vibaki chupani.

Vifungashio navyo vina neno. Mfuko laini wa plastiki mwembamba unapitisha hewa, na karatasi inapitisha zaidi. Tafuta pakiti nene zenye mdomo wa kujifunga, au uza kwa vichupa na majirani wakurudishie vikiwa vitupu. Andika jina la bidhaa, uzito, tarehe ya kufunga na namba yako ya simu. Ile tarehe ni ulinzi wako pia. Jirani mmoja akilalamika, utajua ni mkupuo upi na nani wengine walionunua, uwapigie kabla hawajatumia.

Mwisho ni bei, maana wengi tunaona kitu cha bustanini hakina gharama. Tuseme kwenu kilo moja mbichi inauzwa shilingi 3,000. Zile kilo 5 ungeziuza kama zilivyo ungepata 15,000 bila kuchoka. Baada ya kusaga na kuchekecha unabaki na gramu 850 hivi, yaani pakiti 17 za gramu 50. Kusaga 1,000, pakiti na lebo 150 kila moja, ambazo ni 2,550. Jumla 18,550, sawa na shilingi 1,091 kwa kila pakiti. Ukiwauzia majirani kwa 1,000 kwa sababu ndiyo noti iliyo rahisi, umepata hasara na siku zako 5 za kuanika umezitoa sadaka. Kwa 1,500 unabaki na 6,950. Si nyingi, na ndiyo maana nasema anza na kilo 5, uone kama majirani watanunua tena, kabla hujavuna tuta lote.

Siku utakapotaka kupeleka dukani, hapo mlango ni mwingine. Nenda ofisi ya SIDO ya mkoa wako, wanafundisha wajasiriamali wadogo usindikaji na watakueleza taratibu za TBS. Kwa sasa, dada yangu wa Muheza, zile pakiti zilizobaki zote zimwagwe, na waliokwisha kununua waambiwe leo wasizitumie. Mkupuo unaofuata, vipande vilingane na chupa ilale siku 7.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.