Ukurasa wa Walimu: Pembe kwa Karatasi na Kamba

Mwalimu mmoja wa darasa la 5 ametuuliza atafundishaje pembe, naye hana bikari wala kipimapembe. Somo moja la dakika 40 latosha, maadamu kila mtoto ana ukurasa mmoja wa daftari, na mwalimu ana kamba ya katani.

Dakika 15 za kwanza ni za karatasi. Mtoto na auchane ukurasa wake kandokando, usibaki na ukingo ulionyoka hata mmoja. Aukunje mara moja, apate mstari ulionyoka pasipo rula. Kisha aukunje tena, akiulaza mkunjo wa kwanza juu yake wenyewe barabara. Mikunjo miwili inapokutana pana pembe mraba, yaani digrii 90. Akiufungua ataona pembe 4 zilizo sawa zikizunguka nukta moja, na mzunguko mzima ni digrii 360. Akiikunja pembe hiyo katikati apata 45. Asiendelee mara ya 4, kwa kuwa unene wa karatasi huvuta ukingo na pembe huwa ya uongo.

Sasa watoke uwanjani. Funga kamba mbili katika kigingi kimoja, na watoto wawili wazivute, kila mmoja akisimama hatua moja tu. Pembe ya 45 ipachikwe kigingini, kamba zilale juu ya kingo zake. Ndipo watoto warudi nyuma hadi hatua 4, wakifuata mstari ule ule. Waulize wengine: je, pembe imekua? Wengi watajibu kuwa imekua, kwa sababu wanatazama urefu wa kamba. Usiwakemee; mtoto mmoja aipachike karatasi tena, nao waone inaenea kama kwanza. Baadaye mmoja asimame, mwenziwe azunguke, hadi karatasi ya 90 ienee. Hapo ndipo watakapofahamu kwamba pembe ni mzunguko, si urefu. Jambo hili lisiharakishwe, hata likila dakika 15.

Zikibaki dakika 10, chukua kamba nyingine, uitie alama za makaa kugawa nafasi 12 zilizo sawa. Mafundo hayafai, maana kila fundo hula kamba. Unganisha alama ya mwanzo na ya 12, kisha ivutwe penye alama hiyo, penye ya 3 na penye ya 7. Pande zitakuwa 3, 4 na 5, na pembe mraba itakuwa penye alama ya 3. Mkulima apimaye msingi wa ghala atumie kamba hii wala si karatasi: kosa la digrii 1 pembeni humpotosha kama sentimita 17 katika mita 10.

Karatasi haiwezi kusema kwamba pembe ni digrii 37. Mtoto aandike tu kuwa ni chini ya 45, au kati ya 45 na 90.