Kompyuta inapokula herufi za kazi ya mtoto

Mtoto anaandika insha kwenye kompyuta ya nyumbani. Anarudi katikati ya sentensi kuongeza neno moja, na mara analalamika kwamba kompyuta inakula maneno. Wazazi wengi hudhani ni virusi au kibodi imekufa, na fundi anatafutwa. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mtoto amegusa kitufe cha Insert, ambacho kwenye kibodi nyingi huandikwa Ins, bila kujua.

Kwa kawaida, ukiandika katikati ya sentensi maneno ya mbele husogea kulia kupisha herufi mpya. Kitufe cha Insert hubadili utaratibu huo. Kila herufi mpya inakaa juu ya ile iliyokuwapo mbele yake na kuifuta. Simu haina kitufe hiki, ndiyo maana mzazi aliyezoea kuandika kwenye simu anaweza asikutane na tatizo hili hata siku moja.

Tuseme mtoto ameandika "Baba analima shamba la mahindi". Anataka kuongeza neno "kubwa", kwa hiyo anaweka kistari kinachomemeta kabla ya "la" na kuandika "kubwa" pamoja na nafasi. Hizo ni alama sita, nazo zinafuta alama sita zilizo mbele. Kinachobaki ni "Baba analima shamba kubwa indi". Kama mtoto anatazama vidole vyake badala ya kioo, anaweza kumaliza aya nzima kabla ya kugundua.

Hapo ndipo pa kulitambua tatizo. Weka kistari katikati ya neno lolote na uandike herufi moja tu. Ikitoweka herufi moja ya mbele, ni Insert. Yakitoweka maneno mengi kwa mpigo, sababu ni nyingine: maneno hayo yalikuwa yamechaguliwa na kutiwa rangi, na chochote kinachoandikwa huchukua nafasi yake yote.

Kabla ya kurekebisha, mtoto aache kuandika na asifunge faili. Abonyeze Ctrl na Z kwa pamoja, tena na tena, mpaka maneno yaliyoliwa yarudi. Faili likishafungwa, nafasi hiyo ya kurudi nyuma hupotea, na atalazimika kuandika upya.

Baada ya hapo bonyeza Insert mara moja, kisha rudia lile jaribio la herufi moja. Kwenye kibodi kubwa kitufe hiki huwa karibu na Delete. Kwenye kompyuta mpakato nyingi maandishi ya Ins yamebanwa kwenye kitufe chenye kazi nyingine, na hapo hushikwa Fn kwanza ndipo kitufe hicho kibonyezwe. Tazama pia sifuri ya upande wa namba, kulia kwa kibodi. Num Lock ikiwa imezimwa, sifuri hiyo hufanya kazi ya Insert, na mtoto anayeandika hesabu huigusa kwa urahisi.

Katika LibreOffice Writer dalili iko wazi: kistari hunenepa na kuwa kama kibox, na chini ya ukurasa huonekana neno Overwrite. Kubonyeza Insert hurudisha hali ya kawaida.

Katika Word kistari hakibadiliki, na matoleo ya sasa huja yakiwa hayasikilizi kitufe cha Insert. Kwa hiyo mtu anaweza kukibonyeza mara kumi bila mafanikio. Dawa iko kwenye mipangilio: fungua File, kisha Options, kisha Advanced. Chini ya Editing options kuna visanduku viwili. Use overtype mode ndicho kinachofuta herufi. Ondoa alama yake ya tiki. Use the Insert key to control overtype mode ndicho kinachokipa kitufe nguvu hiyo. Kikiachwa bila tiki, mtoto akigusa Insert tena hakuna kitakachotokea. Malizia kwa OK.

Kama kompyuta inatumiwa na watoto kadhaa, inafaa hali hiyo ionekane mapema. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ule mstari wa chini kabisa wa dirisha la Word na uchague Overtype. Kuanzia hapo mstari huo utaonyesha Insert hali ikiwa ya kawaida, na Overtype herufi zinapofutwa. Kulibofya neno hilo kunabadili hali papo hapo.

Ikiwa mipangilio yote iko sawa na herufi bado zinatoweka hata kwenye programu nyingine, huenda kitufe cha Delete au Backspace kimenasa. Hapo kwenda kwa fundi kuna sababu.